Dawa Moja, Njia Nne: Aina za Mwitikio wa Kinga Uliopita Kiasi

Hotuba kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa Bukavu, katika maandalizi ya mitihani

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi,

Mmeniomba nizungumze juu ya aina nne za mwitikio wa kinga uliopita kiasi, kwa sababu swali hili hurudi katika mitihani karibu kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaolikosa ingawa orodha wanaijua kwa moyo. Orodha hiyo sitaisoma tena hapa. Nitachukua mgonjwa mmoja wa kufikirika na dawa moja ambayo kila mmoja wenu ameiona wodini, yaani penisilini, kisha nitaonyesha jinsi dawa hiyo hiyo inavyoweza kumdhuru mgonjwa huyo kwa njia nne zisizofanana. Mifano mingine ya kila siku, kama pumu, damu isiyolingana, figo za watoto na kipimo cha kifua kikuu, nitaiingiza pale inapotusaidia kulinganisha.

Mgawanyo tunaoutumia ulitolewa na Philip Gell na Robin Coombs mwaka 1963. Coombs ndiye yule yule ambaye mwaka 1945, pamoja na wenzake wawili, alikuwa ametengeneza kipimo cha damu kinachoitwa kwa jina lake hadi leo, na kipimo hicho tutakihitaji baada ya muda mfupi. Gell na Coombs hawakugawanya magonjwa, na wala hawakugawanya dawa. Waligawanya njia ambazo kinga hupitia inapojeruhi mwili unaoilea. Ndiyo maana swali la mtihani lililoandikwa vizuri halitawauliza kama mzio wa penisilini ni wa aina gani. Litawapa mgonjwa, siku na dalili, na kuwaachia ninyi kutambua njia iliyopitiwa.

Yapo maswali mawili yanayotosha kuitambua njia hiyo. La kwanza: ni nani aliyeikamata antijeni, je, ni kingamwili au ni chembe T? La pili: kama ni kingamwili, antijeni ilikuwa wapi ilipokamatwa? Ikiwa kingamwili ni IgE iliyokaa juu ya chembe za masti, hiyo ni aina ya kwanza. Ikiwa ni IgG au IgM, na antijeni imebandikwa juu ya uso wa chembe au wa tishu, hiyo ni aina ya pili. Ikiwa ni IgG au IgM vilevile, lakini antijeni inaelea katika damu na kuungana na kingamwili huko huko, hiyo ni aina ya tatu. Na ikiwa hakuna kingamwili inayohusika, bali chembe T zenyewe ndizo zinazofanya kazi, hiyo ni aina ya nne. Mtaona kwamba sijataja muda. Muda ni dokezo zuri, lakini wengi wenu mnautumia kana kwamba ndio jibu, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Kabla ya kumfikia mgonjwa, inafaa tujue kwa nini molekuli ndogo kama penisilini inaweza kuiamsha kinga. Peke yake haiwezi, kwa kuwa ni ndogo mno. Lakini pete yake ya beta-laktamu hufunguka kwa urahisi na kujishikiza kwenye protini za mwili, hasa mahali penye lisini. Protini iliyobandikwa penisilini huonekana kwa kinga kama kitu kigeni. Kitu kidogo cha namna hii, kisichoamsha kinga mpaka kibebwe na protini, tunakiita hapteni. Sasa fikirini: ikiwa penisilini inaweza kujishikiza kwenye protini za damu, kwenye uso wa chembe nyekundu na kwenye protini za ngozi, basi ina milango mingi ya kuingilia, na kila mlango una aina yake ya mwitikio.

Mgonjwa wetu ni mama wa miaka 30, mkazi wa Kadutu, mwenye uzito wa kilo 60. Alipokuwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi, na vali moja ya moyo wake ilibaki na kovu. Amekuja na homa ya majuma matatu, uchovu na mlio mpya wa moyo, na damu iliyooteshwa maabara imetoa streptokoki. Ana endokaditi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, na daktari ameamua kumpa penisilini ya mshipani, yuniti milioni 18 kwa siku, zikigawanywa kuwa milioni 3 kila saa nne, kwa majuma manne. Nimemchagua mgonjwa huyu makusudi, kwa sababu anapokea dozi kubwa kwa muda mrefu, na hali hiyo inaifungulia milango yote minne.

Tuanze na dakika ya kumi baada ya dozi ya kwanza. Mama anasema viganja vinamwasha na koo linambana. Mabaka yaliyoinuka yanatokea kifuani na tumboni, midomo inavimba, kifua kinatoa mlio kama filimbi, mapigo ya moyo yamefika 130 kwa dakika, na shinikizo la juu la damu limeshuka hadi 75. Hii ni anafilaksisi, mwitikio wa aina ya kwanza katika sura yake mbaya kabisa. Kilichotokea kilianza zamani. Siku fulani, pengine kwa sindano aliyochomwa utotoni, mwili wake ulitengeneza IgE dhidi ya penisilini, na IgE hiyo ikajipachika juu ya chembe za masti zilizoko kwenye ngozi, kwenye njia za hewa na kandokando ya mishipa midogo ya damu. Mara ile ya kwanza hakuhisi lolote. Leo penisilini iliyoshikamana na protini imeziunganisha IgE mbili zilizo jirani, na chembe za masti zimemwaga histamini na tryptezi zilizokuwa zimehifadhiwa tayari. Kwa kuwa silaha ilikwisha kuandaliwa, mwitikio unakuja kwa dakika.

Dawa yake ni adrenalini, na ninawaomba muitaje kabla ya kitu kingine chochote. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Kwa mama huyu hesabu inatoa miligramu 0.6, lakini dozi moja ya mtu mzima haipaswi kupita miligramu 0.5, kwa hiyo atapewa nusu mililita kutoka ampuli yenye miligramu moja kwa mililita. Asipopata nafuu, dozi hurudiwa baada ya dakika tano hivi. Alazwe chali, miguu iinuliwe, apewe oksijeni na maji ya mshipani kwa wingi, na asisimamishwe ghafla, kwa maana wapo waliokufa kwa kuinuliwa tu. Antihistamini na steroidi zinaweza kufuata, lakini hazifungui koo wala hazipandishi shinikizo la damu kwa wakati unaohitajika. Mwanafunzi anayeandika haidrokotisoni kwanza na adrenalini baadaye ameonyesha kwamba hajaelewa ni kipi kinachoua.

Yupo mgonjwa mwingine anayeanguka baada ya sindano, nanyi mtakutana naye mara nyingi zaidi: kijana aliyeogopa sindano akazimia. Huyo amepauka, anatoka jasho, mapigo yake ni ya polepole, hana mabaka, kifua hakitoi mlio, na akilazwa hurudiwa na fahamu baada ya dakika chache. Ukimwandikia kwenye karatasi kwamba ana mzio wa penisilini, umemnyima dawa nzuri kwa maisha yake yote. Tofauti kubwa ipo kwenye mapigo na kwenye ngozi. Mapigo ya polepole na ngozi isiyo na mabaka huelekeza kwenye kuzimia kwa hofu, ilhali mapigo ya kasi pamoja na mabaka au shida ya kupumua huelekeza kwenye anafilaksisi. Hata hivyo, ngozi safi haitoshi kuikanusha anafilaksisi ikiwa mgonjwa anashindwa kupumua au shinikizo lake linaendelea kushuka ingawa amelazwa.

Pumu ya mtoto anayekohoa usiku kwa sababu ya wadudu wadogo wa vumbi la godoro ni aina hiyo hiyo ya kwanza, na mafua ya mzio pia. Njia ni moja, isipokuwa chembe za masti zinazoamshwa ni za mahali pamoja tu. Kumbukeni pia kwamba dalili za pumu zinaweza kurudi saa nne hadi nane baada ya shambulio la kwanza, pale chembe nyeupe zilizoitwa na chembe za masti zinapowasili. Saa nane hizo hazimhamishi mgonjwa kwenda aina nyingine.

Sasa tumrudishe mama yetu nyuma, tuseme dakika zile za kwanza zilipita salama. Dawa inaendelea, homa imeshuka, anakula. Siku ya 11 anaanza kuchoka tena, macho yana umanjano kidogo, na hemoglobini iliyokuwa 10.5 siku ya kulazwa sasa ni 7.2. Katika mji wetu kila mtu atasema malaria, na ni haki kuitafuta: tone nene la damu lichunguzwe kabla ya kubishana. Tuseme halina kimelea, hakuna damu inayopotea kwa njia ya haja, na maabara inasema chembe nyekundu changa zimeongezeka sana. Maana yake ni kwamba uboho unafanya kazi yake, ila chembe nyekundu zinavunjwa kabla ya siku zao. Nani anazivunja?

Penisilini, katika dozi kubwa kama hii, imejibandika juu ya uso wa chembe nyekundu. Baada ya siku kadhaa mwili umetengeneza IgG dhidi ya penisilini hiyo, na IgG imeikamata antijeni pale pale ilipo, juu ya chembe. Chembe iliyovikwa IgG inapopita kwenye bandama, makrofaji huishika na kuimeza. Hii ni aina ya pili. Kipimo kinachoithibitisha ni kipimo cha Coombs cha moja kwa moja: chembe nyekundu za mgonjwa huoshwa, kisha huongezwa kingamwili inayoitambua IgG ya binadamu, na chembe zikigandamana tunajua zilikuwa zimevikwa. Katika mfano huu zitagandamana kwa IgG. Mkojo kwa kawaida haugeuki mwekundu, kwa kuwa chembe zinaharibiwa ndani ya bandama na si ndani ya mishipa, na hemoglobini hushuka kwa siku kadhaa, si kwa saa moja. Tiba kuu ni kuiacha penisilini na kuitibu endokaditi kwa dawa nyingine. Si kila kuvunjika kwa chembe nyekundu kunatokana na kinga: mgonjwa aliyepungukiwa na kimeng'enya cha G6PD anaweza kuonyesha picha inayofanana baada ya dawa fulani, lakini kipimo chake cha Coombs hakitaonyesha kitu.

Nawaomba mkae kidogo juu ya aina hii ya pili, maana mtego mkubwa wa mtihani umo humu. Chukueni mgonjwa wa kundi O aliyewekewa damu ya kundi A kwa kosa la kuchanganya majina. Dakika kumi baada ya kuanza, anatetemeka, ana homa, analalamika maumivu ya mgongo na kifua, shinikizo linashuka, na mkojo unakuwa mwekundu mweusi. Wengi huandika aina ya kwanza, kwa sababu imekuja kwa dakika. Lakini ulizeni maswali yetu mawili. Kingamwili ni IgM, ambayo mtu wa kundi O anayo tangu utotoni bila kuwahi kuwekewa damu, na antijeni A iko juu ya uso wa chembe nyekundu zilizoingizwa. Hiyo ni aina ya pili. Imekuja haraka kwa sababu kingamwili ilikuwapo tayari, na IgM huiamsha komplementi kwa nguvu, ikizitoboa chembe ndani ya mishipa yenyewe. Ndiyo maana mkojo umebadilika rangi hapa, na haukubadilika kwa mama yetu.

Kwa hiyo ndani ya aina moja tuna mwitikio wa dakika kumi na mwitikio wa siku kumi na moja. Kinachoamua kasi ni kama kingamwili ilikuwa tayari au ilipaswa kutengenezwa. Mbele ya mgonjwa wa damu isiyolingana kazi ya kwanza ni kufunga damu hiyo, kuuacha mshipa wazi kwa maji ya chumvi, kulinganisha tena jina la mgonjwa na lile la mfuko, na kuurudisha mfuko maabara pamoja na damu mpya ya mgonjwa. Mgonjwa aliyepata mabaka ya kuwasha tu wakati wa kuwekewa damu, bila homa wala maumivu ya mgongo, huyo ndiye wa aina ya kwanza, na ni kisa chepesi zaidi.

Mtoto mchanga mwenye umanjano mkali siku ya kwanza, aliyezaliwa na mama asiye na rhesus D ambaye mimba yake ya awali ilikuwa ya mtoto mwenye D, naye ni wa aina ya pili. IgG ya mama imepita kwenye kondo na kuzikamata chembe za mtoto. IgM isingepita, na swali hilo hupenda kuulizwa.

Tumrudishe mama yetu tena mwanzo, kwa mara ya tatu. Siku ya 12 homa iliyokuwa imeisha inarudi. Magoti na vifundo vya mikono vinauma, tezi za shingoni zimevimba, na mabaka yametokea mapajani. Ukiyazungushia kalamu, kesho utayakuta pale pale, na mengine yataacha alama ya rangi ya zambarau. Mabaka ya aina ya kwanza hayafanyi hivyo, kwa maana kila baka moja hutoweka kabla ya saa 24 ingawa mapya yanaweza kuzuka. Mkojo una protini kidogo. Hapa penisilini iliyoshikamana na protini za damu inaelea, na IgG mpya inaungana nayo katika damu. Vinapokuwa katika uwiano fulani, ambapo antijeni imezidi kidogo, muungano huo huwa mdogo mno kumezwa upesi na makrofaji. Unazunguka, kisha unakwama mahali damu inapochujwa kwa shinikizo, yaani kwenye figo, kwenye viungo na kwenye mishipa midogo ya ngozi, kama majani ya chai yanavyobaki kwenye chujio. Hapo komplementi inaamshwa, neutrofili zinaitwa, nazo ndizo zinazoharibu tishu.

Clemens von Pirquet na Béla Schick waliieleza hali hii kwa makini mwaka 1905, wakiwachunguza watoto waliochomwa sindano za kingamwili zilizotoka katika damu ya farasi dhidi ya dondakoo. Leo bado tunaiona kwa mgonjwa aliyetibiwa sumu ya nyoka au aliyekingwa dhidi ya pepopunda kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu ya farasi. Siku 7 hadi 14 baadaye huja homa, viungo na mabaka. Kama aliwahi kupewa dawa hiyo zamani, inaweza kuja baada ya siku chache tu.

Ugumu wa mama yetu ni kwamba endokaditi yenyewe inaweza kutengeneza miungano kama hiyo na kuumiza figo. Kipimo cha C3 kinaweza kuwa chini katika endokaditi, na kinaweza kuwa chini pia kwa sababu ya penisilini, kwa hiyo namba hiyo haitakuokoa, hata pale ambapo maabara inaweza kuipima. Cha kutazama ni kama damu ikioteshwa tena inatoa bakteria, kama mlio wa moyo umebadilika, na kama homa na viungo vinatulia baada ya kubadilisha dawa. Bakteria wakiendelea kuota, tatizo ni maambukizi, na kumpa prednisoloni akiwa katika hali hiyo ni hatari.

Mfano wa kila siku wa aina ya tatu ambao kila mmoja wenu atauona ni mtoto aliyevimba uso asubuhi, mwenye mkojo wa rangi ya koka-kola na shinikizo la damu lililopanda. Mama yake atakumbuka kwamba aliumwa koo kiasi cha siku kumi zilizopita, au kwamba alikuwa na vidonda vya ngozi juu ya upele majuma matatu hadi sita nyuma. C3 iko chini na kwa kawaida hurudi juu ndani ya majuma sita hadi nane. Ikibaki chini zaidi ya hapo, tafuteni ugonjwa mwingine wa figo. Sasa linganisheni na mama yetu wa Kadutu. Streptokoki ya koo ndiyo iliyoharibu vali yake alipokuwa mtoto, lakini homa ya baridi yabisi huwekwa katika aina ya pili, kwa sababu kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya bakteria inaikamata tishu ya moyo inayofanana nayo. Chembe T nazo zinashiriki, na mwalimu mkali anaweza kuongeza hilo, ila jibu linalotarajiwa ni la pili. Bakteria ni wa jamii moja, lakini katika figo antijeni imeletwa na kukwama, na katika moyo antijeni ni ya mahali hapo hapo. Ukielewa sentensi hiyo, umekwisha kuitenga aina ya pili na ya tatu.

Mara ya nne na ya mwisho: siku ya 9 mama anaona vipele vidogo vyekundu, vingine bapa na vingine vilivyoinuka kidogo, vilivyoanzia kiwiliwili na kuenea mikononi na miguuni kwa ulinganifu. Vinawasha kiasi. Hana maumivu ya viungo, hemoglobini haijashuka, anapumua vizuri. Hii ni aina ya nne, na ndiyo sura inayoonekana mara nyingi kuliko zote katika mwitikio wa ngozi kwa penisilini na amoksisilini. Chembe T zimejifunza kuitambua protini ya ngozi iliyobandikwa penisilini, zimeongezeka kwa wiki nzima, kisha zimerudi kwenye ngozi na kuita makrofaji na wenzao. Siku zijazo akipewa tena dawa hiyo, vipele vitakuja baada ya siku moja hadi tatu tu, kwa kuwa chembe T za kumbukumbu zipo.

Tazameni sasa mlichonacho mbele yenu. Siku ya 9, ya 11 na ya 12: aina ya nne, ya pili na ya tatu zote zimekusanyika katika wiki ile ile ya pili. Mwanafunzi anayetegemea kalenda peke yake hatapata njia ya kutoka. Atakayetazama hemoglobini na kipimo cha Coombs, kisha viungo na mkojo, kisha sura ya ngozi na muda ambao baka moja linadumu, atazitenga bila shida.

Mfano mkuu wa aina ya nne katika vitabu ni kipimo cha Mantoux, nacho hapa kwetu kina mitego yake. Mililita 0.1 ya tuberkulini huchomwa ndani ya ngozi ya mkono wa mbele, na jibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni upana wa uvimbe mgumu, kwa vidole na rula, kuukata mkono kwa upana, wekundu haupimwi. Kwa watu wengi milimita 10 au zaidi ni jibu chanya, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi tunakubali 5. Kwa kuwa chembe T ndizo zinazotengeneza uvimbe huo, chochote kinachozidhoofisha kinaweza kuufuta, iwe ni utapiamlo mkali, surua, virusi vya Ukimwi vilivyokomaa, steroidi au hata kifua kikuu chenyewe kikiwa kimeenea mwilini. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa mwenye Mantoux ya milimita 0 hajaondolewa kifua kikuu. Vivyo hivyo, chanjo ya BCG inaweza kuinua kipimo kwa mtoto asiye na maambukizi.

Ndani ya aina hii ya nne kuna sura moja ambayo haivumilii kuchelewa. Ikiwa mgonjwa mwenye vipele anasema ngozi inauma badala ya kuwasha, macho yamekuwa mekundu, midomo na sehemu za siri zina vidonda, au ngozi inachubuka ikisuguliwa kidogo, huo ni ugonjwa wa Stevens-Johnson au wenzake. Chembe T zinaziua chembe za ngozi moja kwa moja. Kotrimoksazoli na nevirapini ni washukiwa maarufu kuliko penisilini. Dawa inayoshukiwa huachwa saa hiyo hiyo, na mgonjwa hutibiwa kama aliyeungua moto.

Aina inaamua pia kama dawa inaweza kurudiwa, na swali hili limeanza kuonekana katika mitihani. Aliyepata mwitikio wa aina ya kwanza anaweza, pakiwa na lazima kubwa na uangalizi wa karibu wa hospitali, kuzoeshwa kwa dozi ndogo sana zinazopandishwa hatua kwa hatua kwa muda wa saa kadhaa, mpaka chembe za masti zivumilie. Uvumilivu huo hudumu wakati dawa inaendelea tu, na akiiacha kwa siku chache lazima aanze upya. Zaidi ya hayo, wengi waliokuwa na IgE hiyo huipoteza kadiri miaka inavyopita, na ndiyo sababu maandishi ya zamani yasemayo "mzio wa penisilini" yanastahili maswali: ilikuwa lini, baada ya muda gani, ulitokewa na nini, na je, umewahi kumeza amoksisilini tangu hapo? Kuzoeshwa kwa namna hiyo hakufai katika anemia ya aina ya pili wala katika homa ya viungo ya aina ya tatu, kwa kuwa hapo hakuna chembe za masti za kutuliza. Vipele vyepesi vya aina ya nne vinaweza kujadiliwa na mtaalamu. Aliyepata Stevens-Johnson hapewi tena dawa hiyo hata dozi ya majaribio, na jina la dawa liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi yake, pamoja na siku na dalili zilizoonekana.